Safu ya Ba, Be, Bi, Bo, Bu: Kadi za Silabi Kati ya Kusoma na Kukariri

Katika madarasa mengi ya chini nchini Kenya, safu ya ba, be, bi, bo, bu huimbwa kabla ya kusomwa. Mwalimu huelekeza kijiti ubaoni, nao wanafunzi huitikia kwa sauti moja mpaka safu ikaisha. Apitaye dirishani angedhani kwamba darasa zima linajua kusoma. Hata hivyo, silabi bo ikiandikwa peke yake kwenye kipande cha karatasi na mtoto mmoja akaitwa aisome, aghalabu mtoto huyo hutazama juu, midomo ikacheza kimyakimya, ba, be, bi, kisha ndipo atamkapo bo. Anakumbuka kwamba ubaoni umbo hilo huwa la nne, naye amelifikia kwa kuhesabu. Hajaisoma.

Makala haya yanaeleza jinsi kadi za silabi na karatasi ya zoezi zinavyoweza kutengenezwa ili tofauti hiyo kati ya kusoma na kukariri ijitokeze mapema. Mjadala umejifunga katika safu ya b peke yake. Hii ndiyo safu ya kwanza ya konsonanti katika mpangilio wa alfabeti, na kwa sababu hiyo walimu wengi huanza nayo bila kuuliza kama kweli inafaa kuanziwa.

Sababu ya kuanza na silabi badala ya herufi inajulikana na kila mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili. Silabi nyingi za lugha hii huundwa na konsonanti moja ikifuatwa na irabu moja, na irabu ni tano tu ambazo thamani zake hazibadiliki. Mtoto akishajua ba, ataikuta ba ileile katika baba, katika bata na katika ubao. Herufi b ikitamkwa peke yake hana cha kushika. Nchini Kenya kuna tatizo la ziada, kwani mtoto huyohuyo hufundishwa Kiingereza katika darasa lilelile, na jina la herufi b katika Kiingereza husikika kama bi. Mtoto aliyezoeshwa kutaja majina ya herufi atalisoma neno baba kama bi-a-bi-a, na hapo mwalimu atashangaa bia imetoka wapi. Isitoshe, Kiingereza kina neno linaloandikwa be na kusomwa bi. Kwa hiyo kadi ya be ndiyo yenye utata kuliko zote tano katika darasa la Kenya, na mtoto akisoma biba mahali palipoandikwa beba, huenda kosa lake ni la kuhamisha kanuni ya lugha moja hadi nyingine. Silabi yenyewe anaweza kuwa anaijua.

Kusoma kwa silabi si jambo geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika vyuo vya Kurani, herufi moja ya be huwekewa alama ya fataha ikasomwa ba, ikawekewa kasra ikasomwa bi, na ikawekewa dhuma ikasomwa bu. Safu hiyo ina silabi tatu tu, kwa kuwa Kiarabu sanifu hakina alama za irabu fupi e na o. Ndiyo maana msomaji wa hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hulazimika mara nyingi kuamua kwa muktadha kama alama iliyo mbele yake ni ya bi au ya be, ya bu au ya bo. Hati ya Kirumi imeziba mwanya huo, lakini jozi hizo mbili, yaani e na i kwa upande mmoja na o na u kwa upande mwingine, bado ndizo zinazokaribiana zaidi kimatamshi. Mtoto anayeanza kusoma huzichanganya kwa urahisi zaidi kuliko anavyochanganya a na u.

Hesabu ya maneno

Kabla ya kukata kadi yoyote, inafaa mwalimu ahesabu safu hii inaweza kuzaa maneno mangapi. Silabi tano zikipangwa mbilimbili hutoa michanganyiko 25. Kati ya michanganyiko hiyo, maneno ambayo mtoto wa gredi ya kwanza anaweza kuyatambua hayazidi matano: baba, babu, beba, bibi na bubu. Kamusi itaongeza bibo, tunda la mkanju ambalo mtoto wa Kilifi huenda akalijua na wa Nyeri asilijue, pamoja na buba, ambao ni ugonjwa wa ngozi usiofaa kuwa somo la kwanza la mtu yeyote.

Maneno hayo matano yakichunguzwa, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba matatu kati yake, yaani baba, bibi na bubu, ni silabi moja iliyorudiwa. Mtoto mwenye seti ya kadi tano, kila silabi mara moja, hawezi kuliunda neno baba hata kidogo. Ataweza kuunda babu na beba tu. Seti za namna hiyo si haba madarasani, na mwalimu huziona zikishindwa bila kujua kinachozishinda. La pili ni kwamba hakuna neno lolote kati ya hayo matano lenye silabi bo. Kadi ya bo hulala mezani tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho wake. Si ajabu basi kwamba ndiyo ambayo mtoto aliyetajwa mwanzoni alihitaji kuihesabu.

Safu ya k ni karimu zaidi. Hiyo hutoa kaka, kuku, keki, kiko na koko kabla ya kuongezewa chochote. Mwalimu aliye huru kuchagua angeanza nayo. Aliyefungwa na mpangilio wa kitabu atalazimika kuisaidia safu ya b kwa kuiongezea irabu tano zikiwa kadi zinazojitegemea, kwa kuwa katika Kiswahili irabu peke yake ni silabi kamili. Papo hapo mlango hufunguka: bao, bei, bua, iba, ubao, aibu, bebea, bobea. Hata vitenzi vya kutaka jambo litendeke huingia, kama vile abebe na ubebe. Kwa ajili ya bo, ikiwa bobea ni neno zito, kadi moja ya ga inatosha kutoa boga, kitu ambacho mtoto anakijua na ambacho huchorwa kikatambulika.

Utengenezaji wa kadi

Seti ya watoto wawili wanaokaa dawati moja huhitaji kadi mbilimbili za be, bi, bo na bu, kadi tatu za ba, kadi moja moja ya a, e, i, o na u, na moja ya ga. Jumla ni kadi 17. Ba ya tatu huonekana kama anasa mpaka watoto wafike kwenye sentensi. Kwa kadi hizo, Babu abebe ubao huundwa yote kwa mara moja juu ya dawati, nayo hutumia kadi nane. Bibi abebe ubao pia hutumia nane. Lakini Baba abebe ubao ina ba tatu, mbili katika baba na moja katika ubao, na darasa lisilo na kadi ya tatu litakwama katikati ya sentensi.

Karatasi ya manila hufaa kwa kuwa haijikunji upesi. Kadi ya urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 8 hutosha kusomeka ikiwa imeinuliwa mbele ya kundi dogo, na pia hukaa vizuri katika kiganja cha mtoto. Herufi ziwe ndogo zote, hata kwa maneno ya kuanzia sentensi, kwa maana B kubwa ni umbo jingine na lina siku yake. Herufi a iandikwe kwa umbo la duara lenye mkia, lile ambalo mtoto hufundishwa kuliandika, wala si umbo lenye kofia ambalo mashine nyingi za kuchapa hulitoa.

Jambo moja dogo huokoa dakika nyingi: mstari mzito uchorwe chini ya kila silabi, karibu na ukingo wa kadi. Kadi mikononi mwa mtoto huzunguka. Silabi bu ikipinduliwa, u huwa n na b huwa q, herufi isiyotumika katika Kiswahili sanifu. Mstari huo humwambia mtoto upande wa chini ni upi. Hautatui tatizo la b na d, ambazo ni kama mtu na taswira yake kiooni, na hivyo baba na dada ni maneno yanayotofautiana kwa mwelekeo wa tumbo la herufi tu. Dawa yake ni subira. Safu ya d isifuate karibu na safu ya b, ijapokuwa alfabeti huziweka jirani.

Kadi zenyewe zisitolewe zote tano siku moja. Ba na bu zikitangulia, watoto hupata irabu mbili zilizo mbalimbali kabisa kimatamshi na maneno matatu, yaani baba, babu na bubu. Baadaye huja be, ikaleta beba. Bi hufuata baada ya siku kadhaa ili isigongane na be. Bo huja mwisho, ikiandamana na ga. Kuanzia siku ya kwanza, kadi huchanganywa kama karata kabla ya kila zoezi, kwa kuwa wimbo hauwezi kumsaidia mtoto ambaye hajui kadi gani itafuata.

Kutoka silabi hadi neno

Mtoto anaweza kusoma ba, akasoma bu, kisha akakaa kimya akimtazama mwalimu. Amesoma silabi mbili, lakini neno hajalisikia. Hapa mkazo ndio unaokosekana. Katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kadi zikisomwa mojamoja kila silabi hupata uzito uleule, na matokeo yake si neno la lugha yoyote. Mwalimu huzisogeza kadi mbili mpaka zigusane, akapitisha kidole chini yake bila kusimama, na mtoto husema tena kwa pumzi moja. Baadhi ya watoto huhitaji kufanya hivyo mara mbili au tatu kabla ya uso kuchangamka: kumbe ni babu!

Kadi za irabu huonyesha mkazo ukihama. Katika beba, kadi ya ba ikibadilishwa kwa kadi ya pili ya be na kuongezewa a, neno huwa bebea, na mkazo ulioanguka kwenye be ya kwanza huhamia be ya pili. Babu ikiongezewa a huwa babua, kama moto ubabuavyo ngozi, na mzee hutoweka. Watoto hufurahia mchezo huu, na mwalimu hupata nafasi ya kuona ni nani anayesoma mpaka mwisho wa neno na ni nani anayeishia alipozoea.

Karatasi ya zoezi

Karatasi ya zoezi huja baada ya kadi, wala haichukui nafasi yake. Ukurasa mmoja unatosha. Mara nyingi sehemu ya kwanza huwa ya kuunganisha:

ba + bu = ________
be + ba = ________
u + ba + o = ________
bo + ga = ________

Sehemu hii ni rahisi kusahihisha na ni rahisi pia kudanganyika nayo. Mtoto anaweza kunakili silabi mbili pamoja bila kusoma hata moja. Kwa hiyo jibu lililoandikwa halitoshi. Mwalimu hupita katikati ya madawati na kumwambia mtoto alisome neno aliloliandika, akiwa ameifunika hesabu iliyo kushoto kwa kiganja.

Sehemu ya pili huwa ya kujaza silabi iliyoachwa, na hapa ndipo karatasi nyingi huharibika. Ba___ ina majibu mawili sahihi, baba na babu, isipokuwa kuwe na picha. Picha nazo zina matatizo yake. Mchoro wa mwanamume mwenye mvi humfanya mtoto aseme babu, mzee, guka au kuka, kutegemea nyumbani kwao wanasemaje. Bibi ni mtihani mkubwa zaidi. Karatasi zilizotungwa Tanzania huchora bikizee, kwa kuwa huko bibi ni mama mzaa mama au mama mzaa baba. Mtoto wa Kenya akiiona picha hiyo husema nyanya au shosho, maana kwake bibi ni mke wa mtu. Bubu haichoreki, na katika darasa lenye mtoto asiyesema ni heri neno hilo liachwe kabisa, hata kama safu itapungukiwa. Vitu vinavyochoreka bila ubishi katika msamiati huu ni vichache: ubao, boga na mtu aliyebeba mzigo. Kwa maneno mengine, badala ya picha, mwalimu hulitamka neno na mtoto huandika silabi aliyoisikia.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa, nayo haina picha wala hesabu. Ni mistari ya maneno yanayokaribiana, na mtoto hulizungushia duara neno lililotamkwa:

baba   babu   beba
bibi   beba   bubu
abebe   ubebe   bebea

Chini yake kuna mstari mmoja wa maneno yasiyo na maana, mathalani bobe, bibu, bube. Watoto huambiwa waziwazi kwamba hayo ni majina ya kuchezea tu. Mtoto anayekariri hawezi kuyasoma, kwa kuwa hajawahi kuyasikia. Anayesoma huyasoma, ijapokuwa kwa kusitasita na kicheko.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyesoma baba, bibi na bubu bila kosa, akasoma babu kama baba, akasoma beba kama biba, na alipofika kwenye bobe akanyamaza. Alama zake ni tatu kati ya sita, lakini alama hizo hazielezi lolote. Maneno matatu aliyoyapata ni yale ya silabi iliyorudiwa, ambayo humtaka msomaji aangalie nusu ya neno tu. Kosa la babu linaonyesha kwamba kweli anaangalia nusu hiyo ya kwanza na kukisia iliyobaki. Kosa la beba ni la e na i, na huenda limetoka katika Kiingereza. Kunyamaza kwake mbele ya bobe kunathibitisha kwamba bo bado haijasomwa nje ya wimbo. Mtoto huyu hana haja ya kurudia safu yote. Anahitaji kadi za ba na bu zikibadilishwa mahali pa pili pa neno huku ba ya kwanza ikibaki palepale, kisha be na bi mkono kwa mkono, kisha bo peke yake.

Kosa lisilo la kusoma

Kuna kosa ambalo hufanana na la kusoma ilhali si la kusoma. Mtoto mwenye Kikalenjin kama lugha ya kwanza anaweza kulitamka neno baba karibu na papa, kwa sababu katika lugha yake sauti p na b hazitofautishi maana. Naye mtoto wa Gikuyu anaweza kuitanguliza nazali mbele ya b. Neno basi lenyewe liliingia Gikuyu likawa mbathi, kwa kuwa katika lugha hiyo b ya kipasuo husikika baada ya nazali. Mwalimu hutambua chanzo kwa kuligeuza zoezi: yeye hutamka, mtoto huchagua kadi. Akitamka ba na mtoto akainua ba bila kusita kati ya kadi tatu au nne, basi jicho lake linasoma sawasawa, na kilichobaki ni kazi ya ulimi, ambayo ni somo la kuzungumza na haifai kumpunguzia alama za kusoma.

Suala hilo la nazali ndilo linaloweka mpaka wa safu hii. Mwalimu mwenye kadi ya m mkononi hushawishika kuiweka mbele ya bu na kupata mbu, mdudu anayejulikana na kila mtoto. Katika mbu, m ni silabi inayojitegemea na ndiyo yenye mkazo, kwa hiyo kadi mbili zinastahili: m, bu. Kesho yake mtoto ataiunda mbuzi kwa mtindo huohuo, m, bu, zi, na kupiga makofi matatu mahali panapotakiwa mawili, kwa kuwa hapo mbu ni silabi moja. Isitoshe, b ya baba hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, na b ya mbuzi kwa kuitoa nje. Kwa mbuzi huandikwa kadi mpya yenye herufi tatu, nayo hutolewa baada ya safu ya z kufundishwa.